Kiunzi cha nadharia kwa utafiti wa faida ya shule: namna ya kutoka mtaji watu hadi kwenye mlinganyo

Kasoro inayorudisha tasnifu nyingi za uchumi wa elimu ni moja. Sura ya pili ina kurasa tatu kuhusu Schultz na Becker: walisema nini, mwaka gani, nani aliwapinga. Sura ya tatu inafunguka na mlinganyo wa Mincer, kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi. Msimamizi anaandika pembeni: "Nadharia hii inahusianaje na modeli yako?" Mwanafunzi anaongeza aya moja kuhusu Becker, na swali linabaki palepale.

Kiunzi cha nadharia si muhtasari wa nadharia. Kazi yake ni kuonyesha kila herufi ya mlinganyo wako imezaliwa wapi, na dhanio gani likivunjika herufi hiyo itakudanganya. Tutachukua utafiti mmoja na kuujengea kiunzi tangu mwanzo: kila mwaka wa shule unaongeza kiasi gani kwenye malipo ya waajiriwa wa Tanzania Bara, kwa kutumia data za Utafiti wa Nguvukazi wa 2020/21 wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu.

Hatua ya 1: Andika dai la nadharia kwa sentensi moja inayoweza kushindwa

Mwanzo wa mtaji watu kama nadharia ya kisasa unatajwa kuwa hotuba ya Theodore Schultz mbele ya wanauchumi wa Marekani mwishoni mwa 1960. Gary Becker aliipa nadharia umbo lake mwaka 1964, na Jacob Mincer akaifanya ipimike, kwanza mwaka 1958, kisha kwa ukamilifu mwaka 1974. Historia hiyo inatosha kwa aya moja. Kinachohitaji nafasi ni dai lenyewe.

Dai lina viungo vitatu. Shule inampa mtu ujuzi, ujuzi unaongeza anachozalisha kwa saa, na mwajiri analipa kulingana na kinachozalishwa. Viandike kama mnyororo, kwa sababu data yako inaona ncha mbili tu: miaka ya shule upande huu na mshahara upande ule. Viungo vya katikati huvioni. Ukishaandika hivyo kwa uwazi, msomaji anajua tangu ukurasa wa kwanza kwamba uhusiano wa shule na mshahara peke yake hauthibitishi nadharia, na wewe mwenyewe unajua utakapolazimika kujitetea.

Usitumie sentensi kama "elimu ni muhimu kwa maendeleo ya mtu na taifa". Haiwezi kushindwa, kwa hiyo haina kazi katika kiunzi.

Hatua ya 2: Toa mlinganyo ndani ya dhanio, hatua kwa hatua

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na hesabu yake ni fupi. Mfikirie kijana anayechagua kati ya kuanza kazi leo na kusoma mwaka mmoja zaidi. Akianza leo analipwa Y0. Akisubiri, anapoteza malipo ya mwaka mzima. Atakubali kusubiri pale tu malipo ya baadaye yatakapofidia kusubiri huko kwa kiwango r kwa kila mwaka, S ikiwa idadi ya miaka ya shule:

```
Y1 = Y0 (1 + r)
YS = Y0 (1 + r)^S
ln YS = ln Y0 + S ln(1 + r)
```

Mstari wa tatu ndio jibu la swali ambalo wasimamizi huliuliza kila mwaka: kwa nini logi ya mshahara, si mshahara wenyewe? Kwa sababu nadharia inasema kila mwaka wa shule unazidisha malipo kwa asilimia, hauongezi shilingi zilezile kwa kila mtu. Kutumia logi "ili data ikae vizuri" ni sababu ya kitakwimu. Yako iwe ya kinadharia.

Ongeza sasa kiungo cha kazini. Mtu haachi kujifunza anapotoka shuleni. Anajifunza sana miaka ya mwanzo, anapunguza kadiri miaka ya kuvuna inavyopungua, na ujuzi wa zamani unachakaa. Kitu kinachopanda haraka, kikapunguza kasi, kisha kikashuka kinaweza kuandikwa kwa uzoefu X na mraba wake:

```
ln Y = a + b S + c X + d X^2 + u
```

Nadharia inatabiri b chanya, c chanya na d hasi. Andika matarajio hayo kabla ya kufungua data. Ukipata c = 0.05 na d = −0.0008, kilele cha malipo kinakuwa kwenye uzoefu wa miaka c/(2 × 0.0008), yaani takriban 31. Kilele kikitokea mwaka wa 8 au wa 70, usikimbilie kueleza. Kwanza rudi ukague ulivyotengeneza X.

Chini ya mlinganyo orodhesha dhanio nne zilizouzaa: gharama pekee ya shule ni malipo yaliyopotea, kila mwaka wa shule una faida sawa, uwe darasa la tatu au kidato cha tano, watu wana uwezo na nafasi sawa ya kuchagua, na mshahara unafuata uzalishaji. Hatua zinazofuata zinazipima hizo moja baada ya nyingine.

Hatua ya 3: Funga kila kigeu na nadharia

Y ni bei ya ujuzi, kwa hiyo iwe malipo kwa saa. Mshahara wa mwezi unachanganya bei na muda: mlinzi anayekesha saa 72 kwa wiki anaweza kumzidi karani wa saa 40, nawe ukadhani ujuzi wake una bei kubwa zaidi. Jumlisha posho na malipo ya vitu kama nyumba na chakula pale dodoso linapoviuliza. Ukiziacha, faida ya elimu ya juu itaonekana ndogo kuliko ilivyo, maana wenye posho kubwa mara nyingi ndio waliosoma zaidi.

S ndiyo yenye mitego. Dodoso linauliza kiwango cha juu alichomaliza mtu, nawe unakigeuza kuwa miaka: darasa la saba 7, kidato cha nne 11, kidato cha sita 13, shahada ya miaka mitatu 16. Aliyerudia darasa la nne mara mbili bado ataandikwa 7, ingawa alikaa shuleni miaka 9. Aliyemaliza kidato cha nne kwa divisheni ziro ana 11 sawasawa na wa divisheni ya kwanza. Kwa nadharia, watu hawa wawili hawana mtaji mmoja. Sema hivyo kwenye kiunzi: S inapima muda, na muda unasimama badala ya ujuzi.

Makosa ya kuripoti miaka yana athari inayojulikana. Ikiwa asilimia 10 ya tofauti za S kati ya watu ni makosa tu yasiyofuata mpangilio wowote, b ya kweli ya 0.10 itasomeka takriban 0.09 katika mlinganyo wenye S pekee, na ukiongeza vigeu vingine inashuka zaidi.

X kwa kawaida haiulizwi, hukokotolewa. Kanuni ya Mincer ni umri kutoa miaka ya shule kutoa umri wa kuanza, ambao kwa waliosoma Tanzania miaka iliyopita ni 7. Lakini aliyeishia darasa la pili atahesabiwa uzoefu tangu ana miaka 9. Weka sakafu ya miaka 15, hapa kwa amri za Stata:

```
gen X  = umri - S - 7
replace X = umri - 15 if X > umri - 15
gen X2 = X^2
gen lnY = ln(malipo_saa)
regress lnY S X X2 [pw=uzito], vce(cluster eneo)
```

Majina ya vigeu hapo ni ya mfano. Weka ya faili lako. Kumbuka pia kwamba X hii ni uzoefu unaowezekana, si halisi. Kwa mwanamke aliyetoka kazini miaka sita kulea, inamhesabia miaka ambayo hakuipata. Ndiyo sababu ya kinadharia ya kukadiria wanawake na wanaume kwenye milinganyo miwili, badala ya kuweka jinsia kama kigeu cha 0 na 1 na kuendelea.

Hatua ya 4: Pima dhanio la gharama kwa hesabu ya mkono

Dhanio kwamba gharama pekee ni malipo yaliyopotea halifai kukubaliwa kimyakimya Tanzania. Ada ya sekondari ya serikali hadi kidato cha nne iliondolewa kuanzia Januari 2016, lakini sare, daftari, nauli na chakula havikuondoka na ada. Chukua tarakimu za mfano. Mwenye darasa la saba analipwa 100,000 kwa mwezi, mwenye kidato cha nne 160,000. Kwa mwaka ni 1,200,000 na 1,920,000; tofauti 720,000.

Ukifuata dhanio la Mincer, gharama ya miaka minne ni 4,800,000. Faida ni 720,000 gawanya kwa 4,800,000, yaani asilimia 15 kwa mwaka. Ongeza gharama za moja kwa moja za 300,000 kwa mwaka: gharama inafika 6,000,000 na faida inashuka hadi asilimia 12.

Sasa geuza upande wa pili. Mtoto wa miaka 14 hapati 100,000 ya mtu mzima. Tuseme angepata 40,000 kwa mwezi. Alichopoteza ni 480,000 kwa mwaka. Pamoja na 300,000 inakuwa 780,000, kwa miaka minne 3,120,000. Faida inaruka hadi asilimia 23.

Mishahara ni ileile, na kilichobadilika ni dhanio la gharama tu. Kwa sababu hiyo b ya Mincer haistahili kuitwa "kiwango cha faida ya uwekezaji" bila sharti. Iite ongezeko la malipo kwa mwaka wa shule. Likiwepo jedwali la matumizi ya kaya ya elimu, fanya hesabu hii kama nyongeza, kwa kila ngazi.

Dhanio la pili, kwamba kila mwaka una faida sawa, linapimwa kwa kubadilisha S kuwa vigeu vya 0 na 1 kwa kila ngazi. Tuseme, kwa kulinganisha na asiyesoma, darasa la saba limepata 0.42 na kidato cha nne 0.90. Faida ya mwaka mmoja wa msingi ni 0.42 / 7 = 0.06. Ya mwaka mmoja wa sekondari ni (0.90 − 0.42) / 4 = 0.12. Kosa la kila siku hapa ni kugawanya 0.90 kwa 11, au kusoma 0.90 kama asilimia 90. Logi ikiwa kubwa haisomwi hivyo: e^0.90 − 1 ni 1.46, kwa hiyo mwenye kidato cha nne analipwa asilimia 146 zaidi ya asiyesoma. Kwa namba ndogo tofauti si kubwa, 0.09 ni asilimia 9.4.

Hatua ya 5: Mpe mpinzani nafasi halisi

Mwaka 1973 Michael Spence alionyesha kwamba uhusiano uleule wa shule na mshahara unaweza kutokea hata kama shule haifundishi chochote chenye faida kazini. Inatosha kwamba wenye uwezo wanaona shule ni nafuu kuimaliza, na waajiri wanajua hivyo. Cheti kinakuwa ishara. Mlinganyo wa Mincer hauwezi kuzitenganisha nadharia hizi mbili, kwa sababu zote zinatabiri b chanya. Kuandika "nadharia ya ishara ilipitiwa lakini haikutumika" ni kulikwepa swali.

Andika badala yake zinapotabiri tofauti. Ishara inatabiri kwamba mwaka wa cheti, kidato cha nne au mwaka wa mwisho wa shahada, unaruka kuliko miaka iliyoutangulia. Mtaji watu unatabiri kwamba ujuzi wenyewe, ukipimwa, utalipwa hata tukilinganisha watu wenye miaka sawa ya shule. Jaribio la pili lilishafanywa hapa kwetu. Boissiere, Knight na Sabot waliwapima waajiriwa wa Nairobi na Dar es Salaam mwaka 1980, wakawapa mtihani wa kufikiri, na mwingine wa kusoma na hesabu, kisha wakachapisha matokeo mwaka 1985. Ujuzi wa kusoma na hesabu ulikuwa na uzito mkubwa kwenye malipo. Uwezo wa kufikiri wenyewe ulikuwa na athari ndogo ya moja kwa moja. Miaka ya shule ilibaki na athari yake ya wastani. Huo ni ushahidi upande wa mtaji watu, kutoka miji miwili yenye soko la ajira la zama zile. Utumie kwa kiasi hicho, usiuvute mpaka 2021.

Kisha angalia dhanio la nne mahali linapovunjika wazi. Serikalini mwalimu wa cheti, wa stashahada na wa shahada kila mmoja anaanzia ngazi yake ya mshahara wa walimu, TGTS. Darasa linaweza kuwa lilelile, watoto walewale, somo lilelile. Karatasi ndiyo inayoamua pa kuanzia. Kwa watu hawa b inapima jedwali la mishahara. Kadiria sekta binafsi peke yake, serikali peke yake. b ya serikali ikizidi sana ya binafsi, sehemu ya "faida ya elimu" ya sampuli nzima ni kanuni ya utumishi, na kiunzi chako kiwe kimeshalisema kabla ya matokeo kutoka.

Hatua ya 6: Onyesha nani hayumo

Sampuli ni ya wanaolipwa mshahara, na Watanzania wengi wanafanya kazi shambani au kwenye biashara zao. Nadharia inasema ujuzi una thamani popote, lakini Y ya mkulima imechanganya malipo ya kazi yake, ardhi na mvua. Usiwachanganye. Ila fahamu kwamba waliosoma kidogo na bado wakapata ajira ya mshahara huenda wana kitu kingine, bidii au ndugu mjini. Wanapandisha malipo ya kundi la chini na kuifanya b iwe ndogo. Njia ya Heckman ya 1979 ya kurekebisha uteuzi huo wa sampuli inahitaji kigeu kinachoathiri kuingia kwenye ajira bila kuathiri bei ya saa. Idadi ya watoto chini ya miaka mitano hutumika sana. Itetee kwa nadharia, maana kwa mwanamke anayechagua kazi ya karibu na nyumbani inaweza kugusa malipo pia.

Uwezo wa kuzaliwa nao ni upande mwingine. Tuseme faida ya kweli ni 0.08, kila pointi ya uwezo inaongeza 0.10 kwenye logi ya malipo, na kila mwaka wa shule unaambatana na pointi 0.2 za uwezo. Regresheni itasoma 0.08 + 0.10 × 0.2 = 0.10. Fomula hiyo fupi inaeleza upande wa kosa, na ni bora kuliko kuandika "kunaweza kuwa na upendeleo".

Ukitaka kuliondoa, tafuta kitu cha nje kilichowasukuma watu wasome zaidi bila kujali uwezo wao. Esther Duflo, mwaka 2001, alitumia ujenzi wa shule za msingi zaidi ya 61,000 nchini Indonesia katika miaka ya 1970, akilinganisha wilaya zilizojengewa nyingi na chache, na waliozaliwa kabla na baada. Akapata faida kati ya asilimia 6.8 na 10.6. Tanzania ina tukio la kufanana: Azimio la Musoma la 1974 lililotaka watoto wote waingie shule ya msingi ifikapo 1977. Aliyekuwa na miaka 7 mwaka huo ana kama 50 kwenye data ya 2020/21, bado yumo. Lakini azimio liligusa nchi nzima kwa pamoja, kwa hiyo utahitaji wilaya aliyozaliwa mtu na uandikishaji wa wilaya hiyo kabla ya 1974. Faili lisipokuwa na mahali pa kuzaliwa, njia hii imefungwa, na wilaya anakoishi sasa si mbadala, kwani waliosoma ndio waliohama.

Ukifanikiwa, usishangae makadirio yakizidi ya regresheni ya kawaida. Becker, mwaka 1967, alishaeleza kwamba mtu huacha kusoma pale faida ya mwaka unaofuata inapolingana na gharama yake ya kupata fedha. Mtoto wa mbali na shule ya kata au wa kaya isiyo na akiba anaacha mapema kwa sababu ya gharama, wakati faida yake bado iko juu. Sera inayopunguza gharama inamvuta huyo, na makadirio yanapima faida yake yeye, si ya wastani wa wote.

Hatua ya 7: Jedwali la ukurasa mmoja, kisha maandishi

Chora safu nne: dai, dhanio, kigeu, na litakalofanyika dhanio likivunjika. Mstari wa mfano: "mshahara unafuata uzalishaji, soko la ushindani, ln ya malipo kwa saa, kukadiria serikali na binafsi kila moja peke yake." Kila herufi ya mlinganyo iwe na mstari wake. Mkoa, dini au ukubwa wa kaya ukiingia kwenye regresheni bila mstari, ama upe sababu ama uutoe. Kazi aliyonayo mtu, kwa mfano uhasibu au udereva, isiingie kabisa: shule inaongeza malipo kwa sehemu kupitia kazi inayompatia mtu, na ukiizuia kazi unafuta njia unayotaka kuipima.

Ndipo uandike, ukifuata mistari ya jedwali kutoka juu, kurasa tano au sita. Weka pia mpaka wa kipimo: b ni faida ya mtu binafsi. Mshahara wa walimu na ujenzi wa madarasa uliolipwa na hazina haumo kwenye gharama, na manufaa ya mama aliyesoma kwa afya ya wanawe hayamo kwenye malipo yake ya saa.